Kitabu, Katibu na Herufi Tatu

Kila mwanzo wa muhula huandika ubaoni maneno manne: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Kisha nawaambia wanafunzi wayatie katika wingi. Hawasiti: vitabu, makatibu, maktaba, mikataba. Kila neno limeshika njia yake, na ukiyatazama kwa jicho la Kiswahili peke yake huoni undugu wowote. Mwenye Kiarabu anawaona ndugu wa tumbo moja, k-t-b.

K-t-b si neno, na wala halitamkiki. Ni konsonanti tatu zilizobeba wazo la kuandika, zikingoja ruwaza, yaani mpangilio wa irabu na viambishi utakaozifanya neno. Ruwaza moja humtaja mtenda: tia a ndefu baada ya konsonanti ya kwanza na i baada ya ya pili, upate kaatib, mwenye kuandika. Nyingine hutaja mahali: tanguliza ma, upate maktaba. Ukishaizoea ruwaza, unaingiza mzizi mwingine. Wa h-k-m hutoa haakim, ndiye hakimu wetu, na mahkama, ambayo sisi tumeipenyeza irabu ikawa mahakama. D-r-s hutoa madrasa, dada yake darasa.

Mkataba una kisa chake. Umetoka katika mukaataba, ruwaza ya jambo linalofanywa baina ya watu wawili: kuandikiana. Katika fikihi hilo lilikuwa jina la maafikiano mahususi, mtumwa kuandikiana na bwana wake kwamba atamlipa kiasi fulani, kwa kawaida kwa mafungu, hadi awe huru. Leo tunalitumia kwa mpangaji wa nyumba na mchezaji wa mpira.

Yalipofika kwetu, maneno haya yalivaa nguo za nyumbani. Kiswahili hakipendi neno liishie konsonanti, basi kikaongeza irabu: mara nyingi u baada ya b na m, kama katika kitabu na elimu, na i baada ya r au d, kama katika msafiri na shahidi. Jambo kubwa zaidi lilitokea mwanzoni mwa neno. K ya kitaab ni konsonanti ya kwanza ya mzizi, lakini sikio la Mswahili likasikia ki- ya kiti. Ndiyo maana tunasema vitabu, na humo k imepotea kabisa. Umebaki mzizi wenye pengo. (Mwarabu husema kutub.) Mu- ya mukaataba nayo ikasikika kama m- ya mti, tukapata mikataba. Kwa musaafir bahati ilitupendelea: mu- ya mtenda wa Kiarabu ilikutana na m- yetu ya mtu, na wasafiri wakapita bila kuulizwa hati.

Ruwaza zenyewe, hata hivyo, hazikuja nasi kama mtambo wa kuundia maneno. Tulipokea maneno yaliyokwisha kuundwa. Mswahili akitaka kulinyumbua neno hukumu, hatafuti ruwaza. Anasema hukumiwa, kwa viambishi vyake mwenyewe.

Mwanafunzi akishaonja haya huanza kuona mizizi kila mahali, na hapo ndipo hujikwaa. Mmoja aliwahi kuniletea ukurasa mzuri kuhusu hasara, hasira na muhtasari, yote chini ya h-s-r, na ufafanuzi kwamba apatwaye na hasara hushikwa na hasira. Nilisikitika kuuharibu. Hasara ina kha na sini. Hasira ina ha na sini, na kwa Waarabu hasra ni majuto na huzuni, si ghadhabu. Muhtasari una kha na swadi, mzizi wa kufupisha, na t yake imeletwa na ruwaza tu. Kiswahili sanifu kimeyeyusha kha na ha kuwa h, sini na swadi kuwa s, kwa hiyo mizizi mitatu imeishia sura moja. Dawa ni kufungua kamusi ya Kiarabu iliyopangwa kwa mizizi: kila neno utalikuta mahali pake, mbali na wenzake. Tahajia ya Kiswahili haiwezi kukuamulia.

Kosa la upande wa pili ni kukosa undugu uliopo. Tabia na matbaa hazifanani kwa sauti wala kwa maana. Moja ni mwenendo wa mtu, nyingine ni kiwanda cha kuchapia magazeti. Mzizi ni mmoja, wa kupiga chapa: t yake ni twe, na mwisho wake ni aini ambayo sisi hatuitamki. Matbaa ni ruwaza ya mahali, kama maktaba. Tabia ndiyo chapa aliyopigwa mtu.