Dawa ya maji si moja: kidonge kinafanya kazi sehemu gani ya figo?

Pita Mchafukoge, kata iliyo kati ya Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam, si ajabu kumkuta mtu kaunta ya famasi akionyesha picha ya cheti kwenye simu. Mgonjwa yuko kijijini, mnunuzi yuko mjini, na mzigo utaondoka na basi la usiku. Akiulizwa anataka nini, hujibu: "Naomba dawa ya maji ya mama."

Dawa ya maji ipi? Jina hilo moja linabeba angalau makundi matatu ya vidonge. Vyote vinaongeza mkojo, lakini kila kundi linafanya kazi mahali pake ndani ya figo, na huacha alama yake kwenye damu.

Tuanze na figo lenyewe. Kila figo lina vichujio vidogo takribani milioni moja, na kila kichujio kina mrija wake mwembamba. Kichujio pamoja na mrija wake huitwa nefroni. Kwa siku moja mafigo yote mawili huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, lakini tunakojoa lita moja na nusu au mbili tu. Sehemu kubwa hurudishwa kwenye damu wakati majimaji yanapita kwenye mrija. Kinachorudishwa kwanza ni chumvi, yaani sodiamu, na maji huifuata. Kwa hiyo dawa ya maji haivuti maji moja kwa moja. Inazuia chumvi isirudi, na maji yanabaki na chumvi hiyo kwenye mkojo.

Chukua chumvi iliyochujwa uigawe mafungu 100. Kipande cha kwanza cha mrija hurudisha kama mafungu 65. Kisha mrija unashuka chini ndani ya figo na kupanda tena, umbo la kitanzi, na pale unapopanda hurudishwa mafungu 25 hivi. Kipande kinachofuata hurudisha kama 5. Mwisho kabisa, kwenye mrija wa kukusanyia mkojo, hurudishwa machache yaliyobaki.

Furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, inafunga mlango wa chumvi pale kitanzini. Imezuia mahali panapopita mafungu 25, ndiyo maana nguvu yake ni kubwa. Mgonjwa huanza kwenda chooni ndani ya saa moja, na kazi inakwisha baada ya kama saa sita. Mkojo unakuwa mwingi na mweupe, umebeba sodiamu, potasiamu, magnesiamu na kalsiamu.

Kundi la thayazaidi, kama bendroflumethiazaidi na haidroklorothayazaidi, linafunga kipande kinachofuata, kile cha mafungu 5. Mkojo hauongezeki sana, lakini kazi inaendelea nusu siku au zaidi, na ndiyo sababu hupewa zaidi watu wa presha. Hapa kalsiamu hupungua kwenye mkojo badala ya kuongezeka, kinyume kabisa na furosemaidi. Jambo la kuangalia zaidi ni sodiamu ya kwenye damu. Thayazaidi haigusi kile kitanzi kinachoisaidia figo kubana maji, hivyo chumvi inatoka huku figo likiendelea kuhifadhi maji. Mzee anayetumia dawa hii na kunywa maji mengi kupita kiasi anaweza kushukiwa sodiamu hadi akachanganyikiwa, watu wa nyumbani wakadhani ni uzee.

Sasa twende mwisho wa mrija, maana ndipo mambo mengi huharibikia. Pale, sodiamu ikiingia kurudi kwenye damu, potasiamu inasukumwa kwenda kwenye mkojo. Ni kama kubadilishana. Furosemaidi na thayazaidi zikizuia chumvi huko juu, chumvi nyingi hufika hapa mwisho, na mabadilishano yanaongezeka. Potasiamu ya damu inashuka. Spironolakton hufanya kazi hapa hapa: inaizuia homoni inayoamuru mabadilishano hayo, hivyo potasiamu hubaki mwilini. Amiloraidi nayo iko kundi hilo, ila yenyewe huziba mlango wa sodiamu moja kwa moja. Kwa kuwa chumvi iliyobaki mwishoni ni kidogo, mkojo unaoongezwa nao ni kidogo. Spironolakton huchukua siku mbili tatu kuonyesha kazi, kwa hiyo kukosa kukimbilia chooni siku ya kwanza hakumaanishi kidonge ni feki.

Tuchukue mfano. Tumeutunga, lakini kila hatua yake inatokea kwa watu. Mama wa miaka 62 anaishi Kilosa, moyo wake umechoka kwa sababu ya presha ya miaka mingi. (Utafiti wa Muhimbili uliotolewa mwaka 2014 uliikuta presha kuwa chanzo kikubwa cha moyo kushindwa kazi.) Miguu imevimba, uzito ni kilo 68. Anatumia lisinopril, na sasa anaanzishiwa furosemaidi miligramu 40 kila asubuhi. Baada ya siku kumi ana kilo 64, na viatu vinaingia.

Wiki ya nne misuli inakaza usiku, miguu haina nguvu, moyo unarukaruka. Kipimo cha damu kinaonyesha potasiamu, inayoandikwa K kwenye karatasi ya maabara, ni 2.9. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5. Daktari anaongeza spironolakton miligramu 25. Baada ya wiki mbili K ni 4.2. Mpaka hapo kila kitu kiko sawa.

Furosemaidi inaisha. Kijana wake anaingia famasi, anaambiwa haipo leo, lakini "hii nayo ni dawa ya maji." Anatuma spironolakton nyingine. Mama sasa anameza viwili vya spironolakton, hana furosemaidi, na jirani amemshauri anywe madafu kila siku arudishe nguvu. Lisinopril nayo huzuia potasiamu isitoke, na madafu yana potasiamu nyingi. Baada ya wiki tatu miguu imevimba tena, uzito ni kilo 67, na K ni 6.3.

Soma namba hizo ukiikumbuka ramani ya mrija. Uvimbe umerudi kwa sababu mlango wa mafungu 25 umeachwa wazi. Potasiamu imepanda kwa sababu njia ya kutokea imefungwa. Na hii ya kupanda ndiyo tunayoihofia zaidi, kwani inaweza kusimamisha moyo bila mgonjwa kuhisi chochote kabla. Hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, na kipimo cha umeme wa moyo kifanyike. Damu hupimwa tena pia, kwa kuwa sampuli iliyokaa muda mrefu au chembe zake zikapasuka huonyesha K kubwa ya uongo. Lakini kusubiri majibu ya pili kusicheleweshe safari.

Anayeanza spironolakton hupimwa potasiamu na kazi ya figo baada ya wiki moja hivi, kisha baada ya mwezi, na mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Kwa anayetumia furosemaidi, mizani ya nyumbani inasaidia sana: uzito upimwe asubuhi baada ya kukojoa. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji. Uzito ukizidi kushuka huku kizunguzungu kinakuja anaposimama, amekaushwa mno, na kipimo cha figo kitakuwa kimeanza kupanda.

Na unayetumwa Mchafukoge, usiombe "dawa ya maji." Soma jina lote lililo kwenye kopo la zamani, pamoja na miligramu. Kama haipo, mpigie aliyeandika cheti kabla ya kulipia kitu kingine.