Mkopo wa Riba ya Kupanda kwa Ngazi

Mkopo wa ngazi ni mkopo ambao viwango vyake vya riba vimeandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kusaini: cha chini mwanzoni, kisha cha juu zaidi kuanzia tarehe zinazojulikana. Unatofautiana na mkopo wa riba inayoelea, ambao hupanda na kushuka kufuata soko. Hapa mkopaji anaweza kukokotoa rejesho la mwezi wa mwisho hata kabla hajapokea fedha, na inafaa afanye hivyo, kwa sababu tangazo la mkopo kwa kawaida hutanguliza rejesho la mwaka wa kwanza.

Tuseme mtu amekopa shilingi 50,000,000 kwa miaka 10, yaani miezi 120. Riba ni asilimia 9 mwaka wa kwanza, asilimia 12 mwaka wa pili na wa tatu, na asilimia 15 kuanzia mwaka wa nne hadi mwisho. Inatozwa kila mwezi kwenye salio linalopungua.

Rejesho la kila ngazi hupatikana kwa kanuni ileile:

```
R = S × i / (1 − (1 + i)^−n)
```

S ni salio la deni siku ngazi inapoanza, i ni riba ya mwezi (ya mwaka gawanya kwa 12), na n ni idadi ya miezi iliyobaki hadi mwisho wa mkopo wote. Katika ngazi ya kwanza, S ni 50,000,000, i ni 0.0075 na n ni 120. Rejesho ni shilingi 633,379 kwa mwezi. Ijapokuwa ngazi hiyo inadumu miezi 12 tu, hesabu hufanywa kana kwamba riba hiyo itaendelea kwa miezi yote 120.

Baada ya mwaka mmoja mkopaji amelipa takriban shilingi milioni 7.6, lakini milioni 4.37 kati ya hizo zimekwenda kwenye riba. Deni limeshuka hadi 46,768,307. Hiyo ndiyo S mpya. I inakuwa 0.01, na n ni 108. Kwenye kompyuta huandikwa hivi:

```
=PMT(0.12/12, 108, -46768307)
```

Jibu ni shilingi 710,141. Makosa mengi hutokea hapa. Anayerudia kutumia 50,000,000 kwa miezi 108 atapata 759,212, akimtoza mkopaji riba ya deni alilokwisha kulipa. Anayesahau kupunguza miezi, akaacha 120, atapata kama 671,000, kiasi ambacho hakitamaliza deni kwa wakati. Kinachoonyesha kosa ni mwisho wa jedwali la marejesho: hesabu ikiwa sahihi, salio la mwezi wa 120 ni sifuri, labda na shilingi chache za kukadiria.

Mwezi wa 13 wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Riba yake ni asilimia moja ya salio, yaani 467,683, hivyo ni 242,458 tu zinazopunguza deni. Mwezi wa kwanza kabisa zilikuwa 258,379. Mkopaji analipa zaidi kwa shilingi 76,762, lakini deni linapungua taratibu kuliko mwanzoni.

Mwishoni mwa mwaka wa tatu salio ni 40,228,377 na imebaki miezi 84. Kwa i ya 0.0125, rejesho linafika 776,277, na hilo ndilo la kupima dhidi ya mshahara, maana litalipwa kwa miaka saba. Limezidi la mwanzo kwa karibu asilimia 23.

Riba moja inayolingana na mkopo huu kwa miaka yote 10 ni kama asilimia 12.6. Si wastani wa kawaida wa miaka, ambao ungekuwa 13.8, kwa kuwa riba ya chini imetozwa wakati deni lilikuwa kubwa. Jumla ya marejesho ni karibu shilingi milioni 89.85. Mkopo wa asilimia 13 isiyobadilika ungedai 746,554 kila mwezi, jumla milioni 89.59. Huo wa pili una jumla ndogo ingawa riba yake ni kubwa, kwa sababu mkopaji wake anatoa fedha nyingi mapema. Jumla ya shilingi peke yake haitoshi kulinganisha mikopo.

Tofauti hubainika zaidi kwa anayelipa deni lote mapema. Baada ya miaka mitatu, mwenye mkopo wa ngazi amelipa milioni 24.6 na anadaiwa 40.2. Mwenye asilimia 13 amelipa milioni 26.9 na bado anadaiwa 41.0. Wa kwanza amepata nafuu pande zote mbili, na mkopeshaji hajaifikia riba ya asilimia 15 aliyoitegemea. Ndiyo maana mkataba wa namna hii unaweza kuwa na ada ya kumaliza deni kabla ya wakati, na ada hiyo lazima iingizwe kwenye hesabu kabla ya kuamua kuondoka mwaka wa tatu.