Uwiano wa Longi na Shoti: Hesabu ya Vichwa Isiyopima Mifuko

Katika soko la fyucha za sarafu za kidijiti, kila mkataba una pande mbili. Yupo aliyenunua akitarajia bei ipande, ambaye wafanyabiashara humwita longi, na yupo aliyeuza akitarajia ishuke, yaani shoti. Mkataba haupatikani bila wote wawili, kwa hiyo jumla ya mikataba ya longi hulingana na jumla ya mikataba ya shoti kila dakika ya siku. Hata hivyo, soko la Binance hutangaza uwiano wa longi kwa shoti ambao huwa 2, mara 3, mara ukashuka chini ya 1. Hakuna kosa la hesabu hapo. Kinachohesabiwa ni akaunti, na akaunti yenye mkataba mdogo kabisa huhesabiwa mara moja, sawa na akaunti yenye mamilioni ya dola.

Aliyewahi kushika daftari la michango ya harusi ataelewa mara moja. Majina 75 yanaweza kujaza kurasa mbili na kuleta fedha kidogo kuliko jina moja lililoandikwa mwishoni. Anayehesabu majina anajua ni wangapi walioitikia, lakini hajui sherehe italipiwa na nani.

Takwimu zenyewe hupatikana bure. Ombi la kupata uwiano wa saa moja kwa bitikoini huandikwa hivi:

```
https://fapi.binance.com/futures/data/globalLongShortAccountRatio?symbol=BTCUSDT&period=1h&limit=1
```

Jibu huja na sehemu tatu zinazohusika hapa: `longAccount`, `shortAccount` na `longShortRatio`. Ya kwanza ikiwa 0.75 na ya pili 0.25, ya tatu itakuwa 3. Maana yake ni kwamba katika kila akaunti 4 zenye mkataba, 3 ziko longi.

Wengi huisoma namba hiyo kinyumenyume. Hoja yao ni kwamba umati wa wafanyabiashara wadogo huchelewa kuingia na huingia kwa kukopa, hivyo ukishajaa upande mmoja hakuna tena wa kuusukuma mbele, na bei ikiteleza kidogo wote hukimbilia mlango mmoja. Uwiano ukiwa 3, basi, mtu auze. Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1940, Mmarekani Garfield Drew alilieneza kwa kufuatilia watu waliokuwa wakinunua hisa pungufu ya 100 kwa mkupuo mmoja, kwa imani kwamba hao ndio wanyonge wa soko na hukosea kwenye vilele na mabonde. Kipimo hicho kilipoteza nguvu baadaye, hasa baada ya 1973, pale soko la opsheni lilipofunguliwa Chicago na wadogo wenye hamu ya kubahatisha wakawa na pahali pengine pa kwenda. Namba ziliendelea kuchapishwa, ila watu waliokuwa ndani yake hawakuwa walewale. Swali hilohilo la nani yumo ndani ya hesabu ndilo linaloutesa uwiano wa leo.

Mfano mdogo wa kubuni unatosha kulionyesha. Tuseme soko lina akaunti 100 na mikataba 600 iliyo wazi, kila mkataba ukiwa bitikoini 1. Akaunti 75 ni longi na 25 ni shoti, kwa hiyo uwiano ni 3. Longi wa kawaida ana mikataba 8, shoti wa kawaida ana 24. Tayari jambo moja limejitokeza: uwiano wa akaunti ni ule ule wa ukubwa wa wastani uliogeuzwa. Kusema longi ni wengi mara 3 ni sawasawa na kusema shoti wa wastani ni mkubwa mara 3. Hapo ndipo msomaji mwenye haraka anapohitimisha kwamba wakubwa wenye akili wamesimama dhidi ya wadogo wajinga.

Lakini wastani huficha. Tuseme kati ya wale shoti 25, mmoja ana mikataba 400, na 24 waliobaki wanagawana 200, yaani kama 8 kila mmoja. Sasa shoti wa kawaida ni mtu wa ukubwa uleule wa longi wa kawaida, na tofauti yote imetoka kwa akaunti moja. Na mwenye akaunti hiyo huenda hana maoni yoyote kuhusu bei. Amenunua bitikoini 400 taslimu, kisha ameuza mikataba 400 ili kujikinga. Bei ikipanda, anachopoteza kwenye fyucha anakipata kwenye bitikoini zake. Ikishuka, kinyume chake. Anachofuata ni ile ada ambayo upande mmoja wa mikataba isiyo na tarehe ya mwisho huulipa upande mwingine. Kwa bitikoini, Binance huitoza kila saa 8, na kiwango chake cha msingi ni asilimia 0.01. Ikiwa chanya, longi ndio hulipa. Mara 3 kwa siku kwa siku 365, asilimia 0.01 inakaribia asilimia 11 kwa mwaka ya thamani ya mikataba.

Biashara hii si ya pembeni. Kampuni ya Ethena imeijenga kuwa msingi wa sarafu yake ya USDe, ambayo tangu 2024 imekuwa ikisimama juu ya mali za kidijiti zilizokingwa kwa shoti za fyucha. Shoti za aina hiyo huongezeka kadiri longi wanavyokubali kulipa ada kubwa zaidi. Kwa hiyo kuwa na longi wengi wadogo na shoti wachache wakubwa kunaweza kuwa hali ya kawaida ya soko, kwa wiki au miezi, wala si dalili kwamba kuna pigo linakuja.

Mtego wa pili hujificha zaidi, kwa sababu hautokani na mtu yeyote bali na namna watu wanavyochukua faida. Tuurudie mfano. Bei inapanda kwa asilimia 3, na longi 25 kati ya wale 75 wanaona imetosha. Walikwishaweka oda za kuuza bei ikifika hapo, oda zinajaa, na mikataba yao 200 inanunuliwa na longi wengine 5 waliokuwa ndani tayari. Mikataba iliyo wazi bado ni 600. Shoti bado ni 25. Longi wamebaki 50, na uwiano umeshuka kutoka 3 hadi 2.

Kwenye skrini mstari unaporomoka, na mtu atasema umati umegeuka na sasa unatarajia bei ishuke. Hakuna hata mmoja aliyefungua shoti. Watu 25 wameweka faida mfukoni, basi. Bei ikishuka hutokea kinyume: wadogo hupenda kununua kwenye mteremko, oda zao za kununua hujaa, akaunti za longi huongezeka na uwiano hupanda. Ndiyo maana mstari wa uwiano mara nyingi huonekana kama bei iliyotazamwa kwenye kioo. Anayeuza kwa sababu uwiano umepanda anauza, kwa sehemu kubwa, kwa sababu bei imeshuka, na huo ni mkakati wa kufuata mwelekeo uliovaa kanzu nyingine. Utampa faida soko likiwa na mwendo mrefu, na utamchapa likiwa linazunguka papo hapo, uwe uwiano una habari ya ziada au hauna.

Wanaoujua udhaifu huu hukimbilia hesabu ya wakubwa. Binance huitoa kwa sura mbili: `Top Trader Long/Short Ratio (Accounts)`, inayohesabu akaunti zao, na `Top Trader Long/Short Ratio (Positions)`, inayopima ukubwa wa mikataba yao. Jina linavutia, lakini sifa ya kuingia ni kuwa katika asilimia 20 ya watumiaji wenye salio kubwa zaidi la dhamana. Hakuna anayeulizwa kama amewahi kupata faida. Na kwa kuwa salio la dhamana hujumuisha faida ambayo bado haijachukuliwa, bei ikipanda baadhi ya longi hupanda ngazi na kuingia kwenye kundi baada ya kuwa wamekwisha kupatia. Kundi huonekana lina macho makali kwa sababu walioona vizuri ndio wameongezwa.

Sura hizi mbili zikipishana ndipo watu hutafuta siri. Tuseme wakubwa ni 10: longi 7 wenye mikataba 10 kila mmoja, na shoti 3 wenye jumla ya 100. Kwa akaunti uwiano ni 2.33, kwa ukubwa ni 0.7. Tafsiri ya haraka ni kwamba papa wachache wameegemea kushuka. Ikiwa mmoja wa wale watatu ni mjikinga mwenye mikataba 60, wanaotarajia kushuka wanabaki na 40 dhidi ya 70, na ishara inageuka. Kwenye skrini hakuna kinachomtofautisha, kwa sababu bitikoini zake taslimu ziko nje ya hesabu hii, na pengine ziko kwenye soko jingine kabisa.

Hata umati unapokuwa umejaa kweli, uwiano hausemi umekopa kiasi gani. Longi aliyeweka dhamana ya nusu ya mkataba wake ana nafasi ya kupumua. Aliyeweka sehemu moja ya kumi hufungiwa na soko bei ikishuka kabla hata ya asilimia 10. Kwa hiyo uwiano husomwa pamoja na vitu viwili: mikataba iliyo wazi na ada. Uwiano mkubwa, mikataba inaongezeka na ada imepanda mbali juu ya asilimia 0.01: hapo kuni kavu zimerundikana. Uwiano uleule na ada hasi ni hadithi nyingine, maana shoti ndio wanaolipa ili wabaki ndani, na wao ndio walio karibu na kubanwa.

Kuni, hata hivyo, haziwaki zenyewe. Tarehe 10 Oktoba 2025, Rais Donald Trump alipotangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China, mikataba ya zaidi ya dola bilioni 19 ilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24 kwa hesabu ya tovuti ya CoinGlass, sehemu kubwa ikiwa ya longi. Mrundikano ulieleza ukubwa wa moto, lakini haukuwa na la kusema kuhusu saa ya tangazo. Siku hiyo baadhi ya masoko yalifunga pia shoti zenye faida ili kufidia mashimo, na waliodhani wamejikinga wakajikuta wameshika bitikoini tupu katikati ya anguko.

Anayetaka kujua kama uwiano unamwongezea chochote ana njia ya kuupima. Hukusanya nyakati bei iliposhuka kwa kiasi kinachofanana, huzigawa kati ya zile ambazo uwiano ulipanda sana na zile ambazo haukupanda, kisha hulinganisha kilichofuata. Matokeo yakifanana, alichokuwa anafuata ni bei. Saa 40 mfululizo za uwiano uliokithiri huhesabiwa kuwa tukio moja, si 40, na kila sarafu hupimwa kwa historia yake, kwa sababu 2 inaweza kuwa kawaida kwa moja na ajabu kwa nyingine. Historia hiyo inahitaji zaidi ya ombi lile: kwa njia hiyo Binance hutoa takwimu hizi kwa siku 30 za karibuni tu, na siku 30 huwa na matukio machache mno yaliyokithiri.