Kwa Nini Hesabu ya Malori Haitoi Nusu

Chukua mfano wa msambazaji wa saruji mwenye maghala mawili. Dar es Salaam kuna shehena za malori 40, Tanga kuna 30. Moshi wanataka malori 25, Arusha 20, Dodoma 25. Jumla ya mzigo na jumla ya mahitaji zote ni 70. Gharama ya kila njia inajulikana, na kinachotafutwa ni mgawanyo wa bei ya chini kabisa. Kompyuta ikipewa hesabu hii, hakuna anayeikataza kutumia sehemu. Ingeweza kusema peleka malori 12 na nusu Arusha. Lakini ikifuata njia ya simpleksi, aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947, haisemi hivyo kamwe.

Sababu iko katika umbo la masharti yenyewe, na bei haihusiki. Majibu yote yanayokubalika, ukiyachora, hufanya umbo lenye pembe, na simpleksi hutembea kutoka pembe hadi pembe. Bei huamua pembe ipi ichaguliwe. Swali ni kwa nini pembe zote zina namba kamili.

Tuitazame pembe moja. Tuna masharti matano, mawili ya maghala na matatu ya miji. Kwa kuwa jumla zinalingana, sharti la tano linafuata lenyewe kutoka kwa manne ya kwanza. Kwa hiyo pembe haitumii zaidi ya njia nne. Tuseme njia hizo ni Tanga–Moshi, Tanga–Arusha, Dar–Arusha na Dar–Dodoma. Moshi inahudumiwa na Tanga peke yake, basi malori yote 25 yanatoka huko. Tanga inabakiwa na matano, na hayo yanakwenda Arusha. Dodoma inapata 25 kutoka Dar, na 15 yaliyobaki Dar yanakwenda Arusha. Matano na 15 ni 20, kama Arusha walivyotaka. Angalia tulichofanya: tumetoa na kujumlisha tu. Hatukugawanya popote, na bila kugawanya, sehemu haina pa kutokea.

Je, hali ni hiyo kwa kila pembe, hata maghala yakiwa mia? Hapo ndipo inapoingia sifa ambayo wanahisabati huiita unimodula kamili. Andika masharti kama jedwali: kila ghala na kila mji una mstari wake, kila njia ina safu yake ya wima. Safu ya njia ina 1 mara mbili tu, moja kwenye mstari wa ghala inakoanzia na nyingine kwenye mstari wa mji inakoishia; kwingine ni sifuri. Sasa kata kipande chochote cha mraba na utafute determinanti yake, namba ambayo hutumika kama kigawanyo wakati wa kutatua milinganyo. Kipande kikiwa na safu ya sifuri tupu, determinanti ni sifuri. Kikiwa na safu yenye 1 moja pekee, determinanti ni ile ya kipande kidogo zaidi, pengine ikibadilika alama. Na kama kila safu ina 1 mbili, mistari ya maghala ukiijumlisha hutoa kitu kilekile inachotoa mistari ya miji, kwa hiyo determinanti ni sifuri. Ukiendelea kupunguza hivyo, jibu ni sifuri, 1 au -1 tu. Kugawanya kwa 1 au -1 hakuvunji namba. Alan Hoffman na Joseph Kruskal walithibitisha nguvu ya sifa hii mwaka 1956.

Kuwapangia madereva safari, kila mmoja safari moja, ni hesabu ileile, ila kila mzigo ni 1. Pembe zake ni sifuri na 1: dereva amepewa safari hiyo au hakupewa.

Mambo mawili huharibu neema hii. La kwanza ni sharti la pembeni. Tuseme madereva wawili na safari mbili. Mpango mmoja unakula lita 300 za dizeli, wa pili lita 400 lakini una faida kubwa zaidi. Weka kikomo cha lita 350, na jibu bora litakuwa nusu ya mpango huu na nusu ya ule, yaani kila dereva nusu ya kila safari. La pili ni kupanga watu bila makundi mawili. Watu watatu, yeyote akiweza kuunganishwa na yeyote, hutoa jedwali lenye determinanti 2, na kompyuta huunda jozi moja na nusu.

Hata jedwali likiwa safi, mipango miwili ikilingana kwa bei, mchanganyiko wake nao ni bora, na programu isiyotembea kwenye pembe inaweza kukuletea mchanganyiko huo. Basi ukiona nusu katika jibu, kwanza angalia programu inatumia njia gani, kisha kagua sharti la mwisho uliloongeza. Kuzungusha namba kwa kukisia kunaweza kukupa mpango usiotimiza mahitaji ya mji hata mmoja.