Jina Jipya, Deni Lilelile

Mkenya aliyenunua laini ya Kencell mwaka 2000 akapewa namba inayoanzia 0733, kisha akaitunza hadi leo, amepitia majina manne bila kuhama. Mwaka 2004 Kencell ikawa Celtel. Mwaka 2008 ikawa Zain. Mwaka 2010, baada ya Bharti ya India kununua biashara ya Zain barani Afrika, ikawa Airtel. Mabango yalipakwa upya kila mara, lakini simu ya huyu Mkenya iliendelea kuita kwa namba ileile. Hilo ndilo alilolijali.

Kampuni ndogo ya Morogoro au Nakuru haina mabango ya kueneza habari. Ina barua moja tu, na nyingi za barua hizo huandikwa vibaya. Aya tatu za mwanzo husifu nembo mpya na ndoto za mkurugenzi, kisha barua inaishia kwa maneno “huduma zetu zitaendelea kama kawaida.” Mhasibu wa upande wa pili anaifunga akiwa bado hajui ankara ya mwezi uliopita ailipe kwa jina gani.

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize ni nini hasa kimebadilika, kwa sababu hapo ndipo utajua unaweza kuahidi nini. Kuna mabadiliko ya aina tatu, na watu huyachanganya.

La kwanza ni jina peke yake. Wanahisa wanapitisha azimio maalumu, nalo huhitaji robo tatu ya kura. Jina linapelekwa kwa msajili, ambaye Tanzania ni BRELA, na kampuni inapewa cheti cha kubadili jina. Namba ya usajili haibadiliki, na sheria za Tanzania na Kenya zinasema wazi kwamba kubadili jina hakugusi haki wala wajibu wa kampuni. Aliyekuwa anadai, bado anadai. Aliyekuwa na kesi dhidi ya kampuni, kesi yake inaendelea. Hapa unaweza kuandika kwa ujasiri kwamba kila mkataba uko palepale.

La pili ni kuuzwa kwa hisa. Mmiliki ni mwingine, lakini kampuni ni ileile, na kwa kawaida mikataba yake inabaki. Isome hata hivyo, maana baadhi ya mikataba, hasa ya benki na ya uwakala, ina kifungu kinachodai ridhaa iwapo umiliki utahama. Pia kama mwenye kampuni wa zamani alijiwekea dhamana yeye binafsi ili msambazaji akupe mali kwa mkopo, msambazaji atataka kujua dhamana hiyo sasa inabebwa na nani. Usimwache aulize. Mwambie.

La tatu ni kuuzwa kwa biashara yenyewe, yaani duka, mali, wateja na jina, huku kampuni ya zamani ikibaki na vitabu vyake. Hapa mkataba hauhami wenyewe. Mnunuzi ni mtu mwingine kisheria, na mkataba wa muuzaji haumfuati mnunuzi mpaka wahusika wote wakubaliane. Anayewaandikia wasambazaji “hakuna kilichobadilika” katika hali hii anawapotosha. Barua yake inapaswa kuomba: tunaomba ridhaa yenu mkataba wenu uhamie kwetu kuanzia tarehe fulani, na madeni ya kabla ya tarehe hiyo yatalipwa na fulani.

Tuseme sasa muuzaji wa vifaa vya ujenzi Morogoro anabadili jina tu, kuanzia tarehe 1 Julai. Ananunua saruji na rangi kwa mkopo wa siku 30, na ana wakandarasi waliokwisha kulipia mabati ambayo hayajafika. Cheti kikishatoka, anaanza na wafanyakazi wake, kwa sababu dereva na mpokea simu ndio watakaoulizwa kwanza. Kisha anakwenda benki jina la akaunti lirekebishwe, na TRA ili taarifa zake na risiti za EFD zitoke kwa jina jipya. Halafu anawapigia simu yeye mwenyewe wasambazaji watatu au wanne wanaomdai pesa nyingi. Mdai akisikia habari hii mtaani kabla hajaisikia kwako, ataanza kudai fedha taslimu. Baada ya simu ndipo barua inatoka, na kiini chake hakizidi mistari michache:

“Kuanzia tarehe 1 Julai kampuni yetu itatumia jina jipya lililo juu ya barua hii. Wamiliki ni walewale. Namba ya usajili na TIN hazijabadilika. Nakala ya cheti cha kubadili jina imeambatishwa. Ankara zote tunazodaiwa tutazilipa kwa tarehe zilizokubaliwa. Oda mlizokwisha kulipia zitafika kama zilivyopangwa. Namba ya akaunti yetu ya benki haijabadilika. Hadi tarehe 30 Septemba ankara na risiti zetu zitaonyesha pia jina la zamani.”

Kila sentensi hapo inajibu swali la mtu fulani. Anayedai anaona ankara yake, aliyelipia mabati anaona oda yake, na mhasibu ana cheti cha kuweka kwenye faili ili mkaguzi asimuulize kwa nini amemlipa mtu asiyemjua. Miezi mitatu ya majina mawili ni kwa ajili ya hundi iliyokwisha kuandikwa na fomu ya oda iliyokwisha kuchapwa.

Sentensi ya akaunti ya benki inastahili uangalifu kuliko zote. Matapeli wanapenda msimu wa majina mapya. Wanasubiri tangazo, kisha wanamwandikia mteja kwa nembo mpya: “kufuatia mabadiliko ya jina, malipo sasa yaingizwe akaunti hii.” Mteja anaamini, kwa sababu habari ya jina jipya ni ya kweli. Kwa hiyo usibadili jina na akaunti kwa wakati mmoja. Kama benki lazima ibadilike, subiri miezi kadhaa, andika barua ya peke yake, na mwombe mteja ahakikishe kwa kupiga namba aliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyo kwenye barua. Wewe mpokeaji nawe fanya vivyo hivyo.

Kampuni kubwa hujipa muda. Barclays ya Uingereza ilitangaza mwaka 2016 kwamba itapunguza hisa zake katika tawi lake la Afrika. Kundi hilo likawa Absa mwaka 2018, na benki za Kenya na Tanzania zikabadili jina Februari 2020. Umiliki na jina vilitenganishwa kwa miaka, wateja wakapata nafasi ya kuzoea. Duka la Morogoro halihitaji miaka, ila linahitaji mpangilio uleule: jambo moja kwa wakati mmoja, kila moja na tarehe yake.

Barua ikishaandikwa, mpe mtu wa hesabu asiyejua chochote kuhusu mabadiliko hayo. Muulize maswali mawili: ankara ya mwezi jana nani atailipa, na ya mwezi ujao utaiandika kwa jina gani? Akijibu yote mawili bila kukupigia simu, itume.