Fahamu: Kwa nini pepopunda hukaza taya

Mkulima wa Tukuyu akijikata kwa jembe kwenye migomba yenye samadi, bakteria wa pepopunda wanaweza kuingia jerahani. Sumu yao hupanda kwenye neva hadi uti wa mgongo.

Kwa kawaida, ishara ya umeme ikifika mwisho wa neva, milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu huingia, na vifuko vyenye kemikali ya ujumbe huungana na utando wa seli na kuimwaga nje, papo hapo.

Sumu hii hukata sinaptobrevini, protini ya kifuko. Kalsiamu bado inaingia, lakini vifuko haviungani. Zinazonyamazishwa hasa ni neva za kutuliza misuli, hivyo misuli, ikiwemo ya taya, hukaza bila breki. Antitoksini haiifikii sumu iliyokwisha kuingia ndani ya neva.