Uzi Hukatikia Chini

Uzi unaoweza kubeba jiwe mara tano bila kukatika bado hautoshi kulizungusha jiwe hilo wima. Aliyelithibitisha jambo hili ni Mholanzi Christiaan Huygens, mwanahisabati na mtengenezaji wa saa za pendulamu, katika karne ya 17. Alionyesha kwamba jiwe likizunguka kwa mwendo wake lenyewe, haliwezi kukamilisha duara lililosimama wima mpaka uzi uweze kuhimili mara sita ya uzito wa jiwe. Maandishi yake kuhusu mwendo wa mduara yalichapishwa mwaka 1703, miaka minane baada ya kifo chake.

Mara sita inatoka wapi? Chukua kidumu chenye uzito wa kilo moja pamoja na maji yake, kifunge kwenye uzi wenye urefu wa sentimita 80, kisha kizungushwe kwa mkono uliotulia. Dunia inakivuta kidumu hicho kuelekea chini kwa kani ya nyutoni 10 hivi, popote kilipo katika duara. Uzi nao hukivuta kuelekea mkononi. Ili kidumu kisiende moja kwa moja bali kiendelee kupinda, lazima pawe na kani inayokisukuma kuelekea katikati ya duara, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo kani hiyo inavyotakiwa kuwa kubwa.

Kidumu kikiwa juu kabisa, katikati ya duara iko chini yake. Kwa hiyo dunia na uzi huvuta upande mmoja, na dunia humpunguzia uzi kazi. Tuseme kidumu kinapita hapo kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde. Kani inayohitajika kukipindisha ni nyutoni 20. Dunia inatoa 10, uzi unamalizia 10 zilizobaki.

Kisha kidumu huteremka mita 1.6 hadi chini, na kwa kuteremka huko kasi yake hupanda mpaka karibu mita 7 kwa sekunde. Kani ya kukipindisha sasa ni nyutoni 60. Hapa katikati ya duara iko juu, ilhali dunia inavuta chini; badala ya kusaidia, inapinga. Uzi unalazimika kutoa zile 60 peke yake na kuongeza 10 za kushindana na dunia. Jumla ni nyutoni 70, sawa na kutundikiwa kilo saba.

Juu 10, chini 70. Tofauti ni 60, yaani mara sita ya uzito wa kidumu. La kushangaza zaidi ni kwamba tofauti hiyo haibadiliki hata uzi urefushwe au kidumu kizungushwe kwa kasi kubwa zaidi, ilimradi duara likamilike na mkono usiongeze nguvu njiani.

Kasi ikipunguzwa hadi mita 2.8 kwa sekunde pale juu, mvutano wa uzi hapo huwa sifuri: dunia peke yake inatosha kukipindisha kidumu. Huo ndio mpaka, na chini uzi unabeba nyutoni 60 kamili, zile mara sita za Huygens. Chini ya kasi hiyo, uzi hauwezi kukisukuma kidumu kukirudisha njiani, kwa kuwa uzi hujua kuvuta tu. Fimbo ngumu ingeweza kukiegemeza.

Kulegea huko hakusubiri kileleni. Kidumu hichohicho kikipita chini kwa mita 5 kwa sekunde, kitapanda, kitavuka usawa wa mkono, na kikifika sentimita 30 juu yake uzi utalegea. Kuanzia hapo kinaliacha duara na kuruka kama kitu kilichotupwa, hadi uzi ukazwe tena kwa mshtuko. Mshtuko huo nao unaweza kuukata.

Uzi ukikatika pale chini, kidumu hakidondoki miguuni. Hutoka kwa usawa wa ardhi, kikifuata mwelekeo kilichokuwa nao, kwa kasi ya takribani kilomita 25 kwa saa katika mfano wetu. Aliye hatarini ni anayesimama mbele ya mzungushaji au nyuma yake, katika bapa la duara. Wa kandoni yuko salama zaidi.

Mkono halisi hautulii. Mtu huvuta na kulegeza, na akiweza kuifanya kasi ibaki ileile duara zima, tofauti ya juu na chini hushuka kuwa mara mbili tu ya uzito. Wengi, hata hivyo, huongeza nguvu kidumu kinapoteremka, jambo linalozidisha mvutano mahali palepale ambapo uzi umelemewa zaidi. Fundo nalo hupunguza uimara wa uzi. Kwa hiyo jaribio la busara kwa kidumu cha kilo moja ni kuutundikia uzi, ukiwa na mafundo yake yote, ndoo yenye uzito wa kilo kumi kabla ya kuanza kuzungusha.